KREATINI: WAKATI GANI KUIACHA KABISA?



Siku hizi, kati ya wale wanaobeba vyuma na wale wanaocheza mupira, maneno ya kreatini yanasikilika sana. Moja anauliza inauzishwa wapi, mwingine anauliza vijiko ngapi kwa siku. Lakini swali moja halisikiliki mara nyingi: nitaiacha lini? Nalo ndilo swali gumu kuliko yote. Kinini kina mwisho wake: munganga anakuandikia siku 7, unameza, kiisha basi. Kreatini haina siku ya mwisho iliyoandikwa juu ya mkebe. Mkebe ukiisha, mtu anatafuta mwingine, na mwaka unapita bila yeye kujiuliza kama poda ile ingali inamfanyia kazi.

Katika kurasa hizi tutafasiria jambo hilo moja tu: alama gani zinaonyesha kwamba kreatini haisaidii tena lengo lako, na namna ya kuiacha bila kudanganywa na mwili wako mwenyewe.

KWANZA TUJUE INAFANYA NINI

Kreatini si dawa iliyotungwa na watu. Iko ndani ya nyama. Mfaransa moja, Chevreul, aliitoa katika nyama mwaka 1832, na jina lake linatoka katika neno la Kigiriki maana yake nyama. Mwili wako wenyewe unatengeneza karibu gramu 1 kila siku, kwa kazi ya figo na maini. Chakula cha mtu anayekula nyama au samaki kinaleta karibu gramu 1 ingine. Mtu mwenye kilo 70 ana karibu gramu 120 mwilini mwake, na karibu zote ziko ndani ya misuli.

Kazi yake ni kama ya akiba ya makaa karibu na jiko. Ukikimbia kwa nguvu zote, au ukiinua kitu kizito, moto wa misuli unakwisha katika sekunde chache. Kreatini ndiyo inayorudisha moto ule upesi, kabla ya mwili kupata nguvu kwa njia ingine. Lakini akiba hii ni ndogo: inasaidia sana katika sekunde 10 za kwanza hivi, kiisha njia zingine zinachukua kazi. Mwenye kuinua, kuruka, kurusha, au kukimbia mbio fupi mara nyingi anaweza kuona faida. Mwenye kukimbia saa nzima haoni faida ile, kwa sababu nguvu yake inatoka fasi ingine.

Mwaka 1992 watafiti Harris, Söderlund na Hultman walionyesha kwamba mtu akimeza kreatini nyingi kwa siku chache, akiba ya misuli inapanda. Mwaka ule ule, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Barselona, magazeti ya Uingereza yalisema kwamba Linford Christie, aliyeshinda mita 100, alikuwa akiitumia. Hapo ndipo jina la kreatini lilipoanza kuzunguka dunia.

Jambo la kushika ni hili: akiba ina kifuniko. Kutoka gramu 120 inaweza kufika karibu 160, haipiti sana. Kiisha kujaa, gramu 3 mpaka 5 kwa siku zinatosha kuishika pale. Yote unayoongeza yanatoka na mkojo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kijiko kimoja hakimfanyii kitu tena, na sasa anatia viwili au vitatu, ujue kwamba hiyo si alama ya kuongeza. Ni alama ya kukaa chini na kuhesabu.

ALAMA YA KWANZA: LENGO LAKO LIMEGEUKA

Hii ndiyo alama ya mara nyingi, na ndiyo inayosahauliwa mbele ya zote. Kijana anaanza kreatini kwa sababu anapenda kuinua vyuma. Kiisha mwaka, anachaguliwa kukimbia mbio ndefu, au anaacha sale kabisa kwa ajili ya mtihani wa Serikali. Mazoezi yamegeuka, lakini kijiko kimebaki kile kile.

Kreatini inavuta maji ndani ya misuli. Katika juma la kwanza mtu anaweza kuongezeka kilo 1, wengine mpaka 2, na sehemu kubwa ya uzito ule ni maji. Kwa mwenye kuinua hii si neno. Lakini kwa mwenye kukimbia, kila kilo inabebwa kila hatua. Mwaka 1993, watafiti wa Swideni, Balsom na wenzake, walijaribu jambo hili. Walikimbiza watu kilometa 6 katika njia ya mashamba na vilima, mbele na nyuma ya kreatini. Wale waliomeza kreatini hawakuendelea mbele. Walirudi nyuma, na uzito wao ulikuwa umepanda.

Sasa tuangalie kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2004 Onywera na wenzake walitangaza kazi yao juu ya chakula cha wakimbiaji 10 wakubwa wa mbio ndefu wa kule. Walikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu ya chakula chao ilitoka katika vyakula vya wanga na sukari: ugali, wali, mkate, viazi, chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Nyama ilikuwa kidogo tu. Chakula chao kilikuwa kile kinachoendesha kazi ya saa nyingi, si ile ya sekunde 10.

Basi ujiulize hivi: kazi ninayojizoeza juma hili, ni ya sekunde ngapi? Kama jibu ni chini ya nusu dakika, na ninairudia mara nyingi, kreatini ingali na mlango wa kuingilia. Kama jibu ni dakika 15 na zaidi, ao kama hakuna mazoezi ya nguvu hata mara 2 kwa juma, kijiko kile hakina kazi tena. Kreatini peke yake haijengi musuli. Inakupa kurudia mara moja ao mbili zaidi ya ulivyoweza, na kurudia kule ndiko kunakojenga. Pasipo kurudia, hakuna kinachojengwa.

ALAMA YA PILI: KAYE YAKO HAIONYESHI KITU

Watu hawapokei kreatini sawasawa. Wenye akiba ndogo tangu mwanzo ndio wanaopanda sana. Wale wenye akiba iliyo karibu kujaa wanapanda kidogo tu, ao hawapandi. Watafiti wanawaita hawa wa pili kwa jina lao, kwa sababu wanapatikana karibu katika kila jaribu: ni watu wanaomeza bila kupokea.

Hapa kwetu jambo hili lina maana yake. Mwanafunzi anayekula sombe, maharagi na bugali siku zote, bila nyama, anaweza kuanza na akiba ndogo, kwa sababu majani na maharagi hayana kreatini. Huyu anaweza kuona badiliko. Mwingine ambaye kwao wanakula nyama ya ng'ombe ao samaki ya Kasenyi karibu kila siku anaweza kukosa kuona lolote. Tena mtu yule yule anaweza kugeuka: akihamia kwa mjomba anayeuzisha nyama, faida ya poda inapunguka, hata kama yeye hakugeuza kitu kingine.

Utajua namna gani? Si kwa kujiangalia katika kioo. Si kwa kusikiliza marafiki. Ni kwa kaye. Chukua kaye moja na uandike vitu vitatu tu: uzito wako asubuhi mbele ya kula, mara ngapi unainua mzigo moja usiogeuka, na wakati wa mbio moja usiogeuka. Mzigo unaweza kuwa bidoni yenye simenti. Si lazima uwe chuma cha ginasi. Kama kiisha majuma 8 mpaka 12 ya kreatini na mazoezi ya kweli uzito haukupanda hata kidogo wakati wa mwanzo, na kuinua hakukupanda kuliko zamani, hesabu kwamba wewe ni wa wale wasiopokea. Kuongeza kijiko hakutageuza mwili wako.

ALAMA YA TATU: MWILI UNASEMA HAPANA

Hapa tutenganishe mambo mawili, kwa maana watu wanayachanganya.

La kwanza ni tumbo. Mtu anayemeza gramu 10 mara moja anaweza kuhara. Mwaka 2008 jambo hili lilijaribiwa kwa wachezaji wa mupira: waliomeza gramu 10 kwa mara moja walihara zaidi kuliko wale waliogawanya mara mbili, gramu 5 na gramu 5. Kwa hiyo tumbo likivurugika, usikate shauri siku ile. Punguza mpaka gramu 3, meza pamoja na chakula, tumia maji yaliyochemshwa. Ukifanya hivi majuma 2 na tumbo lingali linakataa, hapo sasa ni alama ya kweli: acha. Hakuna faida ya michezo inayostahili kuhara kila juma.

La pili ni figo. Hapa sikilizeni vizuri. Kila siku sehemu ndogo ya kreatini, karibu gramu 1 ao 2 kwa kila gramu 100, inavunjika na kuwa kitu kingine kinachoitwa kreatinini. Angalieni majina: yanafanana, lakini si kitu kimoja. Kreatinini ni takataka, na figo zinaitupa kwa mkojo. Waganga wanapima kreatinini katika damu ili kujua kama figo zinafanya kazi. Ikipanda, wanaogopa kwamba figo zimechoka.

Lakini anayemeza kreatini anaweza kuwa na kreatinini ya juu kidogo bila figo kuwa na ugonjwa, kwa sababu analeta kuni nyingi na jivu linakuwa jingi. Tuseme mtu mwenye miaka 20 anapimwa, anapata miligramu 1,5 kwa desilita, na maabara inaandika kwamba kipimo cha kawaida kinaishia karibu 1,2. Njia nzuri ni hii. Kwanza amwambie munganga waziwazi kwamba anameza kreatini. Wengi wanaficha jambo hili kwa haya, na munganga anatafuta ugonjwa fasi isiyo yake. Kiisha aache poda majuma 4 mpaka 6. Siku 2 mbele ya kupimwa tena asijizoeze kwa nguvu, na jioni ile asile nyama nyingi. Tena mkojo upimwe kama una albumini. Kama kreatinini imeshuka ikafika 1,1, na mkojo ni safi, ilikuwa poda. Kama imebaki 1,5 ao imepanda, ao albumini inaonekana, basi si poda. Figo zitafutiwe ugonjwa, na kreatini isirudi tena.

Kwa watu wenye figo nzima, majaribu mengi ya miaka iliyopita hayakuonyesha kwamba gramu 3 mpaka 5 kwa siku zinaharibu figo. Lakini mtu anayejua kwamba ana ugonjwa wa figo, ao amekwisha kuvimba miguu na uso, ao mkojo wake una damu ao rangi ya chai nyeusi, huyu hana la kupima katika kaye. Anaacha leo na kwenda hospitali leo.

Neno moja kwa wadogo. Chama cha madaktari wa watoto cha Amerika hakishauri vijana wanaokua kutumia poda za kuongeza nguvu ya michezo. Majaribu yaliyofanywa kwa watu wa umri huo ni machache kuliko ya watu wazima. Mwenye miaka 14 ao 15 anaendelea kupanda nguvu kila mwezi kwa kukua tu. Hawezi hata kujua kama ni poda ao ni umri. Kwake alama ya kuacha ni umri wenyewe.

ALAMA YA NNE: PODA INAKULA CHAKULA CHAKO

Mkebe wa gramu 300, kwa gramu 5 kila siku, unaisha siku 60. Kwa gramu 3 unafika siku 100. Chukua bei uliyolipa, igawanye kwa siku, na uandike hesabu ile katika kaye. Kiisha andika kando yake franka zile zingenunua nini sokoni: mayai mangapi, maharagi vikombe vingapi, samaki ngapi.

Wengine watasema: basi nitakula nyama fasi ya poda. Hesabu hii pia tuifanye kwa kweli. Kilo 1 ya nyama ya ng'ombe mbichi ina karibu gramu 4 ao 5 za kreatini. Samaki wengi wako karibu hapo. Ili kupata gramu 5 kwa nyama, ungekula zaidi ya kilo 1 kila siku. Hakuna anayeweza. Lakini angalia: hauna lazima kupata gramu 5. Mwili unaoishi bila poda unatupa karibu gramu 2 kwa siku tu, na unajua kutengeneza sehemu yake. Tena nyama, mayai na maharagi vinaleta protini, ambayo ndiyo tofali la musuli. Kijiko cha kreatini hakina tofali. Anayenunua mkebe na kulala bila kula anafanana na mtu aliyelipa fundi akasahau kununua matofali.

Kama kwa ajili ya mkebe unakosa chakula cha mchana, ao unaomba deni, jibu limekwisha kupatikana. Hauhitaji alama ingine.

MFANO WA KUFUATA HESABU

Tufikiri juu ya kijana moja. Ni mfano tu, tumwite Dieudonné. Ana miaka 19. Mwezi wa pili alianza gramu 5 kwa siku, kwa sababu alipenda kuinua. Alikuwa na kilo 64. Kiisha juma moja alifika 65,4. Bidoni yake aliinua mara 9 mwanzoni. Kiisha majuma 12 aliinua mara 13. Kwake kreatini iliingia: uzito ulipanda upesi na kuinua kukafuata.

Mwezi wa sita anawekwa kwenye mstari wa pembeni katika timu ya mupira, na kocha anawakimbiza kilometa 5 mara 3 kwa juma. Vyuma anavigusa mara moja tu, Jumamosi. Anaendelea na kijiko. Katika kaye, kilometa 5 zinamchukua dakika 23 na sekunde 10, na kwa majuma 5 hazishuki. Kuinua kumebaki mara 13. Mkebe wa tatu umekwisha.

Afanye nini? Asikate shauri kwa moyo wa siku moja. Aache majuma 6, bila kugeuza mazoezi wala chakula, na aendelee kuandika. Kila kipimo akifanye mara 2 katika juma, kwa sababu siku moja ya usingizi mbaya ao ya matope inaweza kudanganya.

Juma la 1 na la 2 haoni kitu. Juma la 4 uzito wake ni 64,5. Juma la 6 anainua mara 12, mara ingine 13. Kilometa 5 zimefika dakika 22 na sekunde 40, siku zote mbili.

Hesabu inasema nini? Amepoteza mara moja ya kuinua, ambayo si lengo lake tena. Amepoteza karibu kilo 1 ya maji, ambayo hakuihitaji. Mbio zimeendelea mbele. Sehemu moja inaweza kuwa ni mazoezi yenyewe, lakini kwa hakika kuacha hakukumzuia. Dieudonné anaweza kuacha kabisa.

Sasa geuza mfano. Kama lengo lake lingekuwa kurusha tufe, na kuinua kungeshuka toka 13 mpaka 9 na kukaa pale majuma 2, kaye ingesema neno lingine: poda ilikuwa inafanya kazi, na lengo lingali lile lile. Huyu hana sababu ya kuacha kwa upande wa mwili. Atapima upande wa franka tu. Kaye haipendelei mtu. Ndiyo maana tunaiandika.

NAMNA YA KUACHA, NA KINACHOFUATA

Watu wanauliza kama lazima kupunguza kidogo-kidogo. Hapana. Akiba yenyewe inashuka kidogo-kidogo. Tukumbuke: hata ikijaa mpaka gramu 160, zinavunjika gramu 2 na nusu hivi kwa siku. Mwaka 1996 Hultman na wenzake walionyesha kwamba kiisha kuacha, akiba inarudi fasi yake ya zamani katika muda wa siku 30 hivi. Ni mwili wenyewe unaokupunguzia kijiko. Kwa hiyo unaweza kuacha leo, na kesho utainua kama jana.

Wakati wa poda, mwili ulipunguza kutengeneza kreatini yake, kwa sababu ilikuwa inaletwa toka nje. Ukiacha, unaanza tena kazi ile. Haifi. Hakuna kutetemeka, hakuna homa ya kuacha kama ya pombe ao tumbako.

Lakini kuna mtego moja, na hapo ndipo wengi wanaporudi dukani. Katika juma la 3 ao la 4 mizani inashuka kilo 1. Shati linaonekana pana kidogo kwenye mikono. Kijana anashtuka: «Musuli yangu inakwisha!» Anakimbia kununua mkebe mpya. Katika juma moja kilo inarudi, na anasema: mnaona, siwezi kuishi bila hii. Hakuona musuli ikienda wala ikirudi. Aliona maji. Musuli ya kweli haijengwi kilo 1 katika siku 7, na haianguki kwa sababu ya kuacha kijiko, kama mazoezi na chakula vinaendelea. Ndiyo maana tunasema majuma 6, na ndiyo maana tunasema kaye: uzito ukishuka na kuinua kukabaki karibu palepale, ni maji yaliyotoka.

SABABU ZISIZO SABABU

Wengine wanaacha kwa hofu isiyo na msingi, na kesho wanaanza tena kwa sifa isiyo na msingi. Hofu moja ni ya nywele. Ilitoka Afrika Kusini mwaka 2009, ambapo wachezaji vijana wa ragbi walimeza kreatini majuma 3, na homoni moja katika damu yao ilipanda. Homoni ile inahusika na upara, lakini hakuna aliyehesabu nywele zao. Mwaka 2025 jaribu lingine la majuma 12 liliangalia nywele zenyewe, na halikuona tofauti. Basi mwenye kuogopa upara asiweke jambo hilo juu ya kreatini.

Hofu ingine ni kwamba ukikwisha kuitumia muda mrefu hauwezi kuiacha. Tumekwisha kuijibu: mwezi moja, na akiba inarudi ilivyokuwa.

KUKATA SHAURI

Tukusanye maneno. Uache leo, bila kupima, kama figo zako zina ugonjwa, kama tumbo linakataa hata gramu 3, kama ungali mdogo wa kukua, ao kama mkebe unakunyima chakula. Katika mambo mengine, jaribu majuma 6 bila poda, na uandike. Kiisha soma kaye yako ukiuliza swali moja: kitu nilichopoteza, je, ni kitu ninachokitafuta mwaka huu? Kama si hicho, funga mlango na usirudi kwa sababu rafiki amenunua mkebe. Kama ni hicho, unajua sasa kwa hesabu kwa nini unaendelea. Andika juu ya kaye tarehe ya kujiuliza tena, tuseme kiisha miezi 6. Hivyo hata kreatini itakuwa na siku yake iliyoandikwa, kama kinini.